Barua ya kumuaga prefe wetu

Huku Kongo mkuu wa shule ya sekondari anaitwa prefe. Shule ya msingi ina direktere, sekondari ina prefe, na chini yake wako direktere wa masomo na direktere wa nidhamu. Naanza na vyeo kwa sababu ndivyo vilivyotukwamisha mwanzo tulipokaa kuandika ujumbe wa kumuaga wa kwetu.

Mzee huyo alifundisha fizikia kabla ya kupewa ofisi. Alipofikia umri wa kustaafu, walimu wa shule yetu ya Bukavu walichagua watu watatu waandike: mwalimu wa hesabu, mama anayefundisha biolojia, na mimi ninayefundisha Kifaransa. Kwamba ujumbe uwe wa Kifaransa, hakuna aliyelijadili. Kwenye chumba cha walimu tunataniana kwa Kiswahili, na wengine kwa Kimashi, lakini karatasi yoyote ya shule, tangu karo hadi matokeo, ni ya Kifaransa. Na hii ilikuwa karatasi ya kudumu: nakala moja kwenye fremu ukutani kwa mzee, nakala nyingine kwenye faili la shule.

Mwalimu wa hesabu alikuja na mfano alioutoa kwenye simu. Ulikuwa Kifaransa safi cha Ufaransa. Mstaafu aliitwa "Monsieur le Proviseur", kwa sababu kule anayeongoza lise ni provizeri. Kisha alitakiwa uvuvi mwema, safari ndefu na muda mwingi wa kuchezea bustani yake. Mama wa biolojia alisoma kimya hadi mwisho, akauliza, "Hii bustani ndiyo shamba lake la mihogo kule kijijini, au ni nyingine?" Tukacheka, karatasi ikawekwa kando. Wajukuu tu ndio wangefaa, na hao walikuwa wamejaa nyumbani kwake tangu zamani, hawakungoja astaafu.

Tukabaki na "Monsieur le Préfet", na hapo hapo likazuka jambo lingine. Sherehe ilikuwa ifanyike siku ya makabidhiano ya ofisi, ile shughuli tunayoiita remiz-repriz: prefe anayetoka na prefe anayeingia wanakaa meza moja mbele ya mjumbe wa idara ya elimu, wanapitia orodha ya mali, madawati, rejesta, mihuri, funguo na kilichomo kwenye sanduku la fedha, kisha wote wawili wanatia sahihi. Ukisimama baada ya sahihi ukatamka "Monsieur le Préfet", vichwa viwili vinainuka. Unaweza kusema "Monsieur le Préfet sortant", yaani prefe anayetoka, ndivyo karatasi za serikali zinavyoandika. Lakini hilo ni neno la mwandishi wa ripoti. Ukimwita mtu hivyo kwenye salamu ya shukrani, ni kama unamwonyesha mlango. Tulimwomba direktere wa masomo apange ratiba ili ujumbe usomwe kabla ya sahihi, wakati cheo bado ni cha mmoja. Alikubali bila maneno mengi. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, kwa sababu hakuna neno la Kifaransa litakalokutoa kwenye tatizo hilo vizuri kama ratiba.

Jingine lilikuwa sisi tujiite nani. Kijana mmoja aliyeajiriwa juzi alipendekeza tumwite "Cher collègue", mwenzetu mpendwa. Prefe alituita "chers collègues" kila mkutano, na ilipendeza, kwa sababu ilitoka juu kuja chini. Ikitoka chini kwenda juu inageuka ufidhuli. Tulichagua "vos collaborateurs", watu waliofanya kazi pamoja naye, na mama wa biolojia akakumbusha kwamba mlinzi na mama anayefagia nao walichanga pesa. Basi ikaandikwa: "Vos collaborateurs, enseignants, agents administratifs et ouvriers". Ni mrefu kidogo, lakini mlinzi alikuwapo, na alijisikia akitajwa.

Sasa nifike kwenye kiini, ambacho ni nyakati za vitenzi. Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa na sentensi kama hizi: "Vous étiez un père pour nous. Vous étiez juste et généreux. Vous nous laissez un vide immense. Adieu, Monsieur le Préfet." Yaani ulikuwa baba kwetu, ulikuwa mwenye haki na mkarimu, unatuachia pengo kubwa, kwaheri. Kila sentensi peke yake haina kosa la sarufi. Niliisoma kwa sauti, na mama wa biolojia akasema, "Mwalimu, huyu umeshamzika."

Alikuwa na haki, na sababu yake iko wazi. Hotuba za Kifaransa ambazo watu wa mtaa wetu huzisikia mara nyingi, zikisomwa polepole mbele ya umati, ni zile za msiba. Kwa hiyo mtu akishika kalamu aandike jambo la heshima na uchungu, maneno yanayomjia kwanza ni ya makaburini: pengo kubwa, hatutakusahau kamwe, ulikuwa baba. "Adieu" yenyewe ni kwaheri ya watu wasiotarajia kuonana tena hapa duniani. Mzee alikuwa anahamia shambani, si ahera, na kila Jumapili tungekutana naye kanisani.

Dawa haikuwa kufuta maneno mawili matatu. Ilibidi tutenganishe vitu vitatu ambavyo rasimu ilikuwa imevichanganya. Sifa za mtu mwenyewe, kwamba ni mwenye haki, kwamba ni mkarimu, haziishi na kazi, kwa hiyo zinakaa katika wakati uliopo: "Vous êtes un homme juste." Mazoea ya kazi, yale aliyoyafanya siku zote akiwa ofisini na ambayo kweli yamekoma, ndiyo yanayostahili ule wakati wa "étiez": "Chaque matin, vous étiez au portail avant nous." Hapo "étiez" haiui mtu, inasema tu kwamba kusimama getini kumekwisha. Na tendo moja lililotendeka siku fulani linachukua wakati uliotimia: "Vous avez emporté les registres", ulibeba rejesta. Tulipopanga upya kwa njia hiyo, maneno mengi yalibaki yale yale, ila mzee akafufuka. Ukitaka kujua kama ujumbe wako una ugonjwa huu, mpe mtu asiyejua habari asome aya moja, umuulize anayezungumzwa yuko hai au amefariki. Akisita tu, rudi kwenye vitenzi.

Hayo ya rejesta nayaeleza, kwa sababu bila hayo tusingekuwa na ujumbe. Tulikuwa na sifa nyingi na habari chache. "Dévoué", "rigoureux", "exemplaire", yaani mwenye kujitoa, makini, wa kuigwa: maneno ya kila mstaafu. Tukakubaliana kwamba kila anayetaka sifa iingie alete tukio, na tukio liwe limeshuhudiwa na angalau mtu mwingine mmoja aliye bado shuleni. Wengi walirudi mikono mitupu, si kwa sababu mzee hakuwa mwema, bali wema wa kila siku haushikiki kwa urahisi. Aliyetuokoa ni sekretari wa zamani. Alisimulia kwamba Oktoba 1996, vita vilipoingia Bukavu, na sisi wengine tukikimbia kila mtu na upande wake, mzee, wakati huo akiwa mwalimu wa kawaida, alipita shuleni akachukua rejesta za alama, akazifunga ndani ya kitenge na kuondoka nazo. Madawati yaliibwa na dirisha moja moja likang'olewa. Lakini masomo yalipoanza tena, alama za wanafunzi wa mwaka wa sita zilikuwapo, na kwetu mwanafunzi bila alama za miaka ya nyuma hana faili la kwenda kwenye mtihani wa serikali. Mlinzi alithibitisha: yeye ndiye aliyemfungulia mlango.

Katika Kifaransa tukio hilo lilichukua sentensi mbili: "En octobre 1996, vous avez emporté les registres de cotes dans un pagne. Grâce à ce pagne, des élèves ont passé leur Examen d'État." Maana yake, mwaka ule ulibeba rejesta za alama ndani ya kitenge, na kwa kitenge hicho wanafunzi wakafanya mtihani wa serikali. Hatukuongeza "avec courage", kwa ujasiri. Mwalimu wa hesabu alilitaka sana neno hilo, na pia alitaka tumwite shujaa. Nilimwambia ajaribu kusoma "nos héros" haraka mbele ya watu. Mdomo ukiteleza ukaunganisha maneno hayo mawili, inasikika "nos zéros", sifuri zetu, na mbele ya wanafunzi hutarudisha utulivu tena. Akakubali kwa sababu ya sifuri, si kwa sababu zangu za mtindo.

Tukio la pili lilikuwa dogo na la kuchekesha: mzee alikuwa anahesabu chaki. Kila mwalimu alipewa vipande vyake asubuhi na aliulizwa vilivyobaki mchana. Wengine waliona ni kumdhalilisha, lakini kila mtu ukumbini angelijua hilo, na ujumbe usio na hata tabasamu moja unachosha. Tuliandika: "Vous comptiez les craies, mais jamais vos heures." Ulihesabu chaki, lakini saa zako hukuzihesabu. Nakiri nilijivunia mstari huo kuliko inavyofaa.

Kulikuwa pia na mistari ambayo mitego yake ni ya maandishi, haisikiki. Tulitaka kusema alitupokea tukiwa wageni wa kazi, akatusamehe uchelewaji wetu, akatufunza. "Vous nous avez reçus" ina herufi s mwishoni, kwa sababu sisi ndio tuliopokewa moja kwa moja. "Vous nous avez pardonné nos retards" haina, kwa sababu Kifaransa kinasema kusamehe kitu kwa mtu, na kilichosamehewa, uchelewaji, kimekuja baada ya kitenzi. Masikioni hakuna atakayegundua. Lakini karatasi ya fremu inatundikwa sebuleni, na sebule ya prefe mstaafu inatembelewa na walimu. Nakala yetu moja ilipita kwa kijana wa duka la kuchapa, ambaye kwa nia njema aliweka kikofia juu ya "cotes". "Cotes" ni alama za mitihani, "côtes" ni mbavu. Mzee angekuwa ameokoa rejesta za mbavu. Tuliikamata kwa sababu tunahakiki kwa watu wawili: mmoja anasoma rasimu ya mkono kwa sauti akitaja hata alama zilizo juu ya herufi, mwingine anafuata chapa kwa kidole. Kusoma kimya peke yako hakusaidii, jicho linaona lile linalolitarajia.

Ugomvi wa kweli ulikuja kwenye matakwa. Kila mfano wa Kifaransa unamtakia mstaafu "un repos bien mérité", pumziko alilostahili. Direktere wa nidhamu aliposikia akasema, "Pumziko gani? Atakula pumziko?" Kila mwalimu wa huku anamjua mzee fulani aliyestaafu na bado anazungushwa kwa ajili ya malipo yake, faili limefika, faili limerudi, faili halionekani. Wengi wanaendelea kufundisha wakiwa wazee kabisa kwa hofu hiyo. Kumtakia mtu pumziko mbele ya watu wanaojua hayo ni kumtania.

Mwalimu wa hesabu alitaka tuandike kwamba nchi ina deni lake. Su-proved, yaani mkuu wa elimu wa eneo, angekuwa amekaa mstari wa mbele. Mama wa biolojia alipinga: siku ya mzee si siku ya mgomo, na maneno makali yatamwangukia yeye mwenye faili, si sisi. Tulibishana muda mrefu. Mwisho tukaandika: "Nous souhaitons que vos droits vous parviennent à temps." Tunatamani haki zako zikufikie kwa wakati. Haina lawama, lakini anayepaswa kusikia anasikia. Naona ndiyo sentensi bora ya ujumbe wote, na haikutoka kwangu. Ilitoka kwa yule mama, ambaye husema Kifaransa chake kimeota kutu.

Hitimisho la heshima lina sheria mbili ambazo watu huzivunja kila siku katika barua za ofisi. Ya kwanza: cheo ulichokitumia kufungulia ndicho hicho hicho unachofungia, neno kwa neno. Umeanza "Monsieur le Préfet", usimalizie "cher Monsieur". Ya pili inahusu ile sentensi maarufu inayoanza na "En vous souhaitant", huku tukikutakia. Wengi huendelea "veuillez agréer", yaani tafadhali upokee. Sasa anayetakia ni sisi na anayepokea ni yeye, na Kifaransa kinataka mtendaji awe mmoja. Sahihi ni: "En vous souhaitant santé et paix, nous vous prions d'agréer, Monsieur le Préfet, l'expression de notre profond respect." Na tuliweka "profond respect", heshima ya dhati, badala ya "considération distinguée", maneno ambayo mkubwa humwandikia mdogo au watu wa ngazi moja huandikiana. Direktere anaweza kuyaandikia muuza mbao. Mwalimu kwa prefe wake, hapana.

Fomula hiyo ni ya karatasi, lakini. Ukiisoma kwa sauti, watu wanadhani unasoma barua ya kuomba kazi. Kwa hiyo tulitengeneza nakala mbili. Ya fremu ina fomula na majina ya waliotia sahihi. Ya kusomwa inaanza na salamu kwa wageni na "tout protocole respecté", itifaki imezingatiwa, ili tusitaje orodha ya wakubwa wote na kumsahau mmoja, na inaisha kwa "Merci, Monsieur le Préfet", basi. Urefu tuliupima kwa saa. Kusoma kwa utulivu mbele ya ukumbi, ukiacha nafasi watu wapige makofi, hakufiki maneno mia moja na thelathini kwa dakika. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Ya mwisho ilikuwa ukurasa mmoja, kama dakika tatu hivi, na wengine walilalamika kwamba sifa zao zimekatwa.

Alisoma mama wa biolojia, kwa sababu mzee aliwahi kuwa mwalimu wake. Mwaka wa 1996 aliutamka kwa namna yetu, "nonante-six", si "quatre-vingt-seize" ya wale wa Paris, na hakupepesa macho. Kwenye kitenge sauti ilimkauka, akanyamaza kidogo, akaendelea. Kwenye chaki ukumbi ulicheka, mzee naye akacheka, akainua vidole viwili kana kwamba anahesabu. Kwenye haki zifike kwa wakati, su-proved aliandika kitu kwenye daftari lake. Nini, sijui. Baada ya hapo zilifuata sahihi, mbuzi, samaki wa sambaza na soda, na hotuba nyingine za Kiswahili ambazo hakuna aliyezipima kwa saa.

Miezi michache baadaye rafiki yangu wa shule ya jirani alikuja kuomba nakala. Prefe wao, mwanamke, alikuwa anastaafu. Tulikaa na kalamu tukaanza kurekebisha. "Monsieur le Préfet" ikawa "Madame la Préfète", juu na chini. Kisha tukafuta kitenge, rejesta, chaki na geti la asubuhi, kwa kuwa si vya huyo mama. Vilipotoka hivyo, ilibaki salamu, sentensi ya kupokewa na kusamehewa, matakwa ya haki na fomula ya mwisho. Rafiki yangu akauliza kama hapo katikati tungeweza kuweka "dévouée et rigoureuse" ili karatasi ijae. Nilimwandikia majina ya aina ya watu wa kuwaendea: sekretari wa zamani, mlinzi, mama wa kufagia. Akaondoka na ukurasa wenye nafasi tupu katikati, na kikao cha walimu wake kilikuwa Ijumaa.